Kulipa kwa kadi Dubai: jinsi ya kujua muamala umekugharimu kiasi gani hasa

Kazi yangu ni kupitia taarifa za kadi za watu wanaosafiri kikazi na kibiashara, kutoka Nairobi kwenda Dubai hasa, na kuhakikisha kila shilingi iliyokatwa ina maelezo. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Bei dukani ilikuwa dirhamu 850, mbona benki imekata pesa nyingi kuliko nilivyopiga hesabu?" Jibu lipo, na unaweza kulipata mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kadi ya Visa ya akaunti ya shilingi za Kenya, na mzigo wa dirhamu 850 ulionunuliwa Deira. Viwango vya shilingi na ada nilizoweka ni vya mfano, kwa hiyo siku yako utaweka vyako.

Hatua ya 1: Tafuta kiwango cha katikati

Kabla ya kusema umetozwa zaidi, lazima ujue zaidi ya nini. Kipimo ninachotumia ni kiwango cha katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Kwa dirhamu hesabu hii ni rahisi, kwa sababu tangu 1997 dirhamu imefungwa kwenye dola: dola 1 ni dirhamu 3.6725. Kwa hiyo unahitaji kiwango kimoja tu, cha dola kwa shilingi, ambacho Benki Kuu ya Kenya huchapisha kila siku ya kazi. Tuseme siku hiyo ni 129.20.

129.20 ukigawanya kwa 3.6725 unapata 35.18. Basi mzigo wa dirhamu 850, kwa kiwango cha katikati, ni Sh 29,903. Hakuna kadi itakayokupa bei hiyo, ila ndiyo mahali pa kuanzia. Wanaokwenda umra wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa riyali ya Saudia, ambayo nayo imefungwa kwenye dola kwa 3.75.

Hatua ya 2: Chukua kiwango cha mtandao wa kadi

Visa na Mastercard kila mmoja ana kiwango chake cha kubadilisha fedha, na kila mmoja ana kikokotoo kwenye tovuti yake ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia bila kujisajili. Angalia nembo iliyo kwenye kadi yako, kisha utumie kikokotoo cha mtandao huo huo. Viwango vyao havilingani.

Weka tarehe, kiasi cha dirhamu 850, sarafu ya muamala (AED) na sarafu ya kadi (KES). Penye nafasi ya ada ya benki, iliyoandikwa `Bank fee`, weka 0. Nasisitiza sifuri kwa sababu hapa tunataka kiwango cha mtandao peke yake. Ukiacha asilimia humo, ada ya benki itajificha ndani ya kiwango na hutaweza kuitenganisha baadaye.

Kuwa makini na nafasi mbili za sarafu. Ukizigeuza, kikokotoo hakitakulalamikia. Kitakupa kiwango cha upande wa pili, na ukikigeuza ili kupata shilingi kwa dirhamu, kitaonekana nafuu kuliko utakachotozwa.

Tuseme kimetoka 35.46. Kwa dirhamu 850 ni Sh 30,141. Mtandao wenyewe umeongeza Sh 238 juu ya kiwango cha katikati.

Hatua ya 3: Soma jedwali la ada la benki yako

Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni ada ya muamala wa kigeni, ambayo kwa kawaida ni asilimia ya kiasi. Mfano wetu ni asilimia 3. La pili ni kama kodi imejumuishwa humo au itaongezwa juu yake. La tatu, ambalo wengi hulipita, ni sentensi inayoeleza nani anayebadilisha fedha. Benki nyingine huchukua kiwango cha mtandao moja kwa moja hadi kwenye shilingi. Nyingine hupokea muamala kwa dola, kisha huzigeuza dola hizo kuwa shilingi kwa bei yake yenyewe ya kuuza dola. Maneno ya jedwali yasipoeleweka, hatua ya 6 itakufichulia ukweli.

Hatua ya 4: Piga makadirio

```
jumla = kiasi × kiwango_cha_mtandao × (1 + ada/100) + ada_isiyobadilika
gharama_% = (jumla / (kiasi × kiwango_cha_katikati) − 1) × 100
```

Kwa mfano wetu, ada ya asilimia 3 juu ya Sh 30,141 ni Sh 904. Jumla ni Sh 31,045. Ukilinganisha na Sh 29,903 za hatua ya kwanza, umelipa Sh 1,142 zaidi, yaani asilimia 3.8. Jedwali lilisema 3, na tofauti hiyo ndiyo sehemu ya mtandao.

Iandike hiyo 31,045 mahali fulani. Utaihitaji ukiwa mbele ya mashine ya kadi.

Hatua ya 5: Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ipi

Dukani au hotelini, mashine inaweza kuonyesha bei mbili: dirhamu 850, au shilingi za Kenya. Ukichagua shilingi, fedha inabadilishwa pale pale na kampuni inayohudumia mashine ya duka, kwa kiwango chake pamoja na faida yake. Hapo kiwango cha mtandao ulichokitafuta hakitumiki tena.

Tuseme mashine inaonyesha Sh 31,450. Ukilinganisha na makadirio yako ya 31,045, tofauti ni Sh 405, na mtu anaweza kuona ni afadhali alipe hiyo ajue moja. Tatizo ni kwamba benki nyingi hutoza ada ya muamala wa kigeni kwa sababu duka liko nje ya nchi, hata kama muamala umefika kwa shilingi. Asilimia 3 ya 31,450 ni Sh 943.50, kwa hiyo jumla inafika Sh 32,393.50. Sasa umezidi makadirio kwa zaidi ya Sh 1,300. Chagua dirhamu. Muuzaji akikuchagulia bila kukuuliza, soma risiti kabla ya kuondoka: ikiwa na KES mahali pa jumla, mwambie afute muamala na aurudie kwa AED. Ana uwezo wa kufanya hivyo ukiwa bado kaunta. Ukishafika nyumbani ni malalamiko ya wiki nzima.

Hatua ya 6: Muamala ukiingia, rudi nyuma

Hapa ndipo pa kukaa muda. Kiasi kinachoonekana siku ya kwanza mara nyingi ni zuio tu. Benki imeshikilia pesa ikisubiri muamala ukamilike. Usipige hesabu kwa kiasi hicho. Subiri hadi muamala uingie kwenye taarifa ya akaunti, kwa kawaida baada ya siku chache, kwa sababu kiwango kinachotumika kinaweza kuwa cha siku ulipochakatwa na si cha siku uliyopitisha kadi.

Tuseme sasa taarifa inaonyesha makato ya Sh 31,417.58. Makadirio yalikuwa 31,045. Gawanya makato kwa dirhamu: 31,417.58 ÷ 850 ni 36.96. Hiki ndicho kiwango halisi ulichotozwa. Kisha kigawanye kwa kiwango cha mtandao cha siku muamala ulipochakatwa. Tuchukulie kilibaki 35.46. Jibu ni 1.042, maana yake benki imechukua asilimia 4.2, ilhali jedwali lake lina 3.

Hiyo 1.2 imetoka wapi? Kwanza hakikisha hukosei tarehe: jaribu kikokotoo kwa siku moja kabla na siku moja baada. Shilingi ikiwa imetulia, tarehe haiwezi kueleza pengo kubwa namna hii. Kisha soma maelezo ya muamala kwenye taarifa. Ukiona kiasi cha dola katikati, umepata jibu. Katika mfano wetu imeandikwa USD 232.40. Kwa kiwango rasmi cha 3.6725, dirhamu 850 ni dola 231.45, kwa hiyo mtandao umeongeza asilimia 0.4 tu hapo. Toa asilimia 3 kwenye makato, yaani gawanya 31,417.58 kwa 1.03, unabaki na Sh 30,502.50. Gawanya kwa 232.40 unapata 131.25. Hiyo ndiyo bei ambayo benki imekuuzia dola, wakati kiwango cha katikati kilikuwa 129.20. Asilimia 1.6 imechukuliwa hapo, na haimo kwenye mstari wa ada.

Gharama yote, ukilinganisha na 29,903, ni asilimia 5.1. Kwa safari inayofuata, acha kutumia 3 katika hesabu ya hatua ya 4. Tumia 4.2 juu ya kiwango cha mtandao, na makadirio yako yatakaribia sana makato.

Kama hujasafiri bado na unataka kuijua asilimia hiyo mapema, nunua kitu kwa dirhamu kutoka tovuti ya duka la huko, kisha ufanye hesabu hii. Kisiwe cha dirhamu 5 au 10. Kwa kiasi kidogo hivyo, ada ya chini kabisa, kama ipo, itakupa asilimia ya kutisha isiyohusu ununuzi wa kawaida. Dirhamu 100 zinatosha.

Pale hesabu inapobadilika

Kutoa pesa taslimu kwenye ATM kuna ada isiyobadilika, na hiyo ndiyo inayoumiza kwenye kiasi kidogo. Ada ya Sh 500 kwa kutoa dirhamu 200, ambazo ni kama Sh 7,092, peke yake ni asilimia 7. Mwenye ATM naye anaweza kuongeza tozo yake kwa dirhamu. Ukilazimika kutoa, toa mara moja kiasi unachohitaji.

Mwenye kadi ya akaunti ya dola ataona makato ya dola 232 na senti kadhaa na kufurahi. Hesabu yake ina kipande kinachokosekana: alizinunua dola hizo kwa bei gani? Kama alizinunua benki kwa 131.25, ile asilimia 1.6 ameshailipa kabla ya kusafiri. Anachookoa ni ada ya asilimia 3, ikiwa benki haitozi ada hiyo kwenye kadi za dola. Nyingine hutoza kwa sababu muamala si wa dola.

Na ukirudisha bidhaa, duka litarejesha dirhamu 850 kamili, ila wewe hutapata Sh 31,417.58. Marejesho hubadilishwa kwa kiwango cha upande wa pili, cha siku yanapochakatwa, na benki nyingi hazirudishi ada ya muamala wa kigeni. Kama dukani wanakubali kukubadilishia bidhaa kwa nyingine ya bei ile ile, kadi haiguswi na hakuna kinachobadilishwa tena.