Somo: Mapitio ya maandiko kuhusu kufa kwa mwani mnene Unguja, kuanzia kutafuta makala hadi kuandika kwa maneno yako

Wanafunzi wengi huja na mada "athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mwani Zanzibar" na hukwama kabla ya ukurasa wa tatu, kwa sababu mada hiyo haina ukingo. Tuibane: je, maandiko yaliyopo yanaonesha kweli kwamba joto la maji ndilo linaloua mwani mnene katika mashamba ya pwani ya mashariki ya Unguja? Hapo tuna mmea mmoja, sababu moja na eneo moja. Muda nao unajulikana unapoanzia, maana kilimo cha biashara cha mwani kilianza pwani hiyo mwaka 1989.

Hatua ya kwanza: jua majina yote ya mmea wako

Mwani mnene wanunuzi wanauita kotonii. Kwenye makala za sasa ni *Kappaphycus alvarezii*, lakini zamani uliwekwa katika jenasi ya *Eucheuma*. Mwani mwembamba, spinosamu, ni *Eucheuma denticulatum*. Kwa hiyo ukikuta makala ya zamani inasema *Eucheuma* tu, huenda inazungumzia mmoja au mwengine. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu uone walipanda upi, kwani wa pili unastahimili zaidi, na ukiichanganya mimea hii miwili hoja yako yote inaharibika. Ugonjwa wenyewe, ule unaofanya matawi yawe meupe kisha yakatike, hutafutwa kwa jina la ice-ice.

Kwenye Google Scholar anza hivi:

```
"Kappaphycus alvarezii" Zanzibar "ice-ice"
"Eucheuma cottonii" Zanzibar
seaweed "die-off" OR "ice-ice" temperature Zanzibar
```

Ukipata makala moja nzuri, ifuate pande mbili. Marejeo yake yatakurudisha kwa waliotangulia, na kibonyezo cha "Cited by" kitakupeleka kwa waliokuja baadaye. Majina yale yale yakianza kujirudia, ujue umekaribia mwisho wa kisima. Western Indian Ocean Journal of Marine Science linasomwa bure, na FAO ilitoa mwaka 2020 ripoti nzima kuhusu maradhi ya mwani Zanzibar. Usiache pia kufika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa hapa Unguja, ukaulizie tasnifu. Nyingine huzioni kabisa mtandaoni.

Hatua ya pili: panga makala kwa namna joto lilivyopimwa

Hapa ndipo mapitio yanapopata uhai, na ndipo wengi wanapoishia kuandika "Fulani alisema hivi, Fulani naye akasema vile". Chora jedwali lenye safu nne: nani na mwaka gani, alipima joto vipi, aliona nini, na ushahidi wake unaishia wapi.

Safu ya pili ndiyo roho ya kazi. Kuna waliotia kipimajoto shambani. Kuna waliotumia joto la bahari linalosomwa na setilaiti. Kuna waliolaza mwani kwenye matangi na kupandisha joto wenyewe, na kuna waliowauliza wakulima. Hawa wote wanaweza kuandika "joto liliongezeka" na wasiwe wanazungumzia kitu kimoja. Setilaiti inasoma uso wa bahari katika eneo pana. Haioni maji yanayofika magotini, yaliyonaswa ndani ya mwamba wakati wa bamvua, yakipwa mchana wa kaskazi. Mwani unakaa kwenye maji hayo. Tangi nalo linatenganisha joto na mambo mengine, lakini halina mawimbi wala mvua ya masika inayopunguza chumvi.

Ukishajaza jedwali, aya zako zijenge juu ya safu hiyo: aya ya vipimo vya shambani, aya ya matangi, aya ya kauli za wakulima, kisha useme zinakubaliana wapi na zinaachana wapi.

Hatua ya tatu: kuandika bila kuiba

Chukua sentensi hii, niliyoitunga kwa ajili ya somo:

"Mwani mnene uliopandwa kwenye maji ya kina kifupi ulionesha dalili za ugonjwa mara nyingi zaidi katika miezi ya kaskazi, maji yalipokuwa na joto kubwa, kuliko miezi ya kusi."

Mwanafunzi anaandika: "Mwani mnene ulioatikwa katika maji yenye kina kidogo ulidhihirisha ishara za maradhi mara nyingi zaidi kwenye miezi ya kaskazi, ambapo maji yalikuwa moto zaidi, kuliko miezi ya kusi." Maneno yamebadilika, lakini mifupa ni ile ile, kipande kwa kipande. Huo ni wizi wa maandishi hata ukitaja chanzo, kwa sababu unamwambia msomaji kuwa sentensi ni yako.

Mwengine anaandika: "Joto la kaskazi linaua mwani mnene." Hakunakili, lakini amemzulia mwandishi. Yeye alisema mambo mawili yalitokea pamoja, hakusema moja lilisababisha jingine.

Njia inayofaa ni kusoma, kufunga makala, kuandika kwenye daftari ulichoelewa kana kwamba unamweleza mwenzako, kisha kuifungua tena na kulinganisha. Matokeo yake yatafanana na haya: "Ugonjwa unafuata msimu, na huonekana zaidi wakati wa kaskazi (mwandishi, mwaka). Lakini kaskazi hubadilisha pia upepo na mawimbi, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kulitia joto hatiani." Angalia chanzo kilipotajwa: sentensi ya kwanza ni yake, ya pili ni yako, na msomaji anaona mpaka.

Maneno ambayo lazima uyachukue kama yalivyo, yatie alama za kunukuu na namba ya ukurasa siku hiyo hiyo unapoyaandika kwenye daftari. Baada ya mwezi hutajua tena yapi ni yako.

Maswali ya wanajumuiya

Mwanakombo, Wete: Mwalimu, mimi nasoma makala za Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili. Nikitafsiri bado ni wizi?

Ndiyo, dada, ukitafsiri sentensi kwa sentensi. Lugha imebadilika lakini mpangilio wa fikra bado ni wa mwenyewe. Eleza ulichoelewa na utaje chanzo.

Haji: Turnitin imenipa asilimia 22. Nimefeli?

Namba hiyo haisemi peke yake. Fungua ripoti uone kilichotiwa rangi. Majina ya kisayansi, anwani za taasisi na orodha ya marejeo hutiwa rangi bila kosa. Aya moja nzima iliyotiwa rangi ndani ya mapitio ni tatizo hata kama jumla ni asilimia 5. Angalia pia kikomo cha chuo chako.

Salma, Micheweni: Utafiti wangu ni wa Pemba, na makala nyingi ni za Unguja. Nizitumie?

Zitumie, ila kila mara useme ni za wapi. Pemba imezungukwa na maji ya kina kirefu zaidi, kwa hiyo usichukulie kwamba maji ya mashamba yake yanapata moto sawasawa na ya Paje. Pengo hilo ndilo linaloupa utafiti wako sababu ya kuwepo.

Khamis: Kila makala inamtaja Largo na wenzake, 1995, kwamba ice-ice husababishwa na bakteria. Naweza kumtaja bila kumsoma?

Itafute makala yenyewe kwanza. Kichwa chake tu kinazungumzia bakteria wanaochochea ugonjwa mara moja moja, na hoja yao ni kwamba bakteria hao hupata nafasi mmea ukishadhoofika. Kusema "bakteria husababisha" ni kuipunguza hoja nusu, na nusu iliyopotea ndiyo inayogusa swali la joto. Ukiikosa kabisa, andika "Largo na wenzake, 1995, kama walivyonukuliwa na" kisha mtaje uliyemsoma.