Baba kundi A, mama kundi B, mtoto O: hesabu yake inavyopigwa

Juzi wazazi kutoka Tukuyu walikuja maabara na kadi tatu: baba A, mama B, mtoto O. Mawifi walikuwa wameshaanza maneno. Hesabu tuliyofanya ni hii, na inatosha penseli na karatasi. Programu za simu sizipendi, zinakupa jibu bila kukuonyesha limetoka wapi.

1. Anza na mtoto. Kila mtu ana jeni mbili za kundi la damu, moja ya baba na moja ya mama, kwa sababu yai na mbegu kila kimoja hubeba nusu tu. A na B zikikutana zote huonekana; O hufunikwa na yeyote kati yao. Kwa hiyo mwenye kundi O lazima awe na OO. Mtoto huyu amepewa O na kila mzazi.

2. Rudi kwa wazazi. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kadi ikisema A, mtu anaweza kuwa AA au AO, na kipimo cha kawaida hakitofautishi. Tone la damu likiwekwa anti-A, dawa ya maabara inayogandisha damu yenye A, juu ya kigae litashikamana vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, awe AA au AO. Basi waulize ndugu. Yule baba alisema mama yake mzazi ni mchangia damu, kundi O. Bibi wa OO hana kingine cha kumpa mwanawe ila O, kwa hiyo baba ni AO, hakuna ubishi. Kama bibi angekuwa A, tusingejua lolote kwa upande huo. Mama naye ana mdogo wake wa kundi O, maana yake wazazi wao wote wawili wanabeba O. Hilo linaruhusu awe BO, ila halithibitishi.

3. Chora mraba, ukichukua baba ni AO na mama ni BO: jeni za baba kushoto, za mama juu.

```
       B     O
A     AB    AO
O     BO    OO
```

Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa O. Watoto wanne si lazima wagawane vyumba vyote.

Kukubaliana kwa makundi hakuthibitishi baba ni nani. Wanaume wengi tu wana AO. Kama kadi zinapingana, mathalani mzazi AB na mtoto O, rudieni kwanza vipimo vya wote, maana kadi huandikwa vibaya. Ugomvi ukibaki, ni kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

4. Macho. Mraba huu usiutumie. Rangi ya jicho hutegemea wingi wa melanini, na jeni nyingi zinahusika, kubwa zikiwa OCA2 na HERC2 kwenye kromosomu ya 15. Wazazi wenye macho ya bluu huweza, mara chache, kuzaa mtoto wa macho ya kahawia.