Kabla ya kupeleka betri na simu mbovu kwa mkusanyaji: mambo ya kuzingatia

Droo ya nyumbani kwetu, tulipoifungua kuipanga, ilikuwa na simu mbili zisizowaka, pawabenki moja, rimoti iliyovunjika, betri nne kubwa za tochi na betri ndogo bapa kama sarafu. Vyote vilikuwa vimechanganyika na funguo na senti. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio wa kwanza kuondolewa, kwa maana ufunguo ukigusa ncha chanya na hasi za betri kwa pamoja, umeme uliobaki hupita hapo kwa nguvu na kuzalisha joto, hata kama betri yenyewe haiwezi tena kuwasha chombo.

Kagua kwanza betri za simu na za pawabenki, kwani ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa. Ndani yake kuna lithiamu na kimiminika kinachoshika moto, na betri ikichakaa au ikipata joto kali kimiminika hicho huanza kuvunjika na kutoa gesi, ambayo kwa kuwa haina pa kutokea huivimbisha betri. Laza simu juu ya meza iliyonyooka: ikiyumba au ikizunguka kirahisi, mfuniko wa nyuma ukiwa umepanda, au kioo kikiwa kimeachana na fremu ukingoni, betri imevimba. Harufu tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni dalili kwamba imeanza kuvuja.

Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kwa dakika chache za kuokoa picha. Zima simu kama bado inawaka. Usiitoboe ili gesi itoke, wala usiibonyeze irudi bapa, kwa sababu utando mwembamba unaotenganisha pande zake mbili ukipasuka, joto hupanda lenyewe na moto huwaka pasipo kiberiti. Kama mfuniko hufunguka kwa mkono, itoe betri taratibu. Kama imegandishwa kwa gundi ndani, iache humo humo. Simu ya kwanza katika droo yetu ilikuwa ya aina hii ya pili. Tuliiweka nzima kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, tukaifunika kwa mchanga, na mfuniko wa ndoo tukauegesha tu bila kuubana ili gesi isikusanyike. Ndoo ilikaa kivulini nje ya nyumba, mbali na jiko, mafuta ya taa na mtungi wa gesi. Betri ikianza kufuka moshi au kutoa sauti ya kufoka, watu waondoke hapo, wasivute moshi huo kwa kuwa una sumu, na waite zimamoto.

Pawabenki yetu haikuwa imevimba. Hiyo tuliitumia mpaka ikaisha chaji, kwani betri iliyo tupu hutoa joto dogo zaidi ikiharibika njiani, kisha tukaziba matundu yake kwa tepu.

Betri ndogo bapa iliyotoka kwenye rimoti ibandikwe tepu pande zote mbili mara tu inapotolewa. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, umeme wake huweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa 2, hata kama rimoti ilishakataa kuitumia. Hapo ni kukimbilia hospitali mara moja bila kumtapisha mtoto.

Betri za tochi ni nafuu zaidi kwa hatari ya moto. Kilichovuja ndani ya tochi kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, mikono ikiwa na glavu au mfuko wa nailoni. Wengi wetu tuliosoma vijijini tunakumbuka betri zikipasuliwa ili unga wake mweusi upakwe ubaoni. Unga huo ni wa manganizi, na kuuvuta kifuani kuna madhara, kwa hiyo watoto wasiachiwe kuzivunja. Vilevile zisitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa, maana hulipuka, wala chooni.

Siku ya kupeleka, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na futa taarifa zako kama simu bado inawaka salama. Kila ncha ya betri izibwe kwa tepu, na iliyovimba isafiri peke yake ndani ya mchanga wake, si ndani ya mkoba wala kwenye gari lililoachwa juani. Muulize mkusanyaji kabla ya kuondoka nyumbani kama anapokea betri zilizovimba, kwa kuwa wako wanaochukua simu tu. Nchini Tanzania muulize pia kibali chake kinachohusu taka za kielektroniki. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepasua betri kwa nyundo ili apate shaba asipewe hata moja.