Kumtania mtu bila kumchoma

Ukitaka kumtania rafiki anayechelewa kila mara, usianze na yeye, anza na kile anachofanya. Ukimwambia "una akili nzito" umemgusa mwenyewe, na hapo hacheki mtu. Kuchelewa ni tendo, kesho anaweza kuwahi.

Sasa tafuta mfano. Wa kwanza kukujia kichwani ni kobe, na umechakaa, kila mtu ameshausikia. Usiutupe lakini. Mwulize huyo kobe maswali ya kipuuzi: alikuwa anakwenda wapi? Kilichomchelewesha nini? Ukikaa naye kidogo utapata kitu kama hiki: "Unachelewa kama kobe aliyekatiza safari akarudi nyumbani kuchukua funguo, na nyumba anayo mgongoni."

Kinachochekesha pale si mwendo wa kobe, ni ile safari isiyo na maana. Msikilizaji anamwona kobe akigeuka njiani, anamsahau aliyetaniwa kwa sekunde mbili, na hizo sekunde ndizo zinazotoa makali. Angalia pia "mgongoni" limekaa mwisho kabisa. Ukilitanguliza, siri imetoka mapema na kicheko kimekufa. Ukiongeza "yaani wewe ni mzembe", umeua utani na umerudisha tusi.

Mimi hupima hivi: je, mwenyewe angeweza kuwasimulia wengine utani huo huku akicheka? Kama unahusu sura, ugonjwa au umaskini wake, hata kobe hamwokoi mtu.