Tangazo la kazi limebakiza siku nne: namna ya kulinasa, kulipima na kuliwahi

Watu wengi ninaowasaidia kuandaa maombi ya kazi huja na tangazo likiwa limebakiza siku chache. Wamelisikia redioni kuanzia katikati, au wameliona kwenye gazeti la wiki iliyopita lililokuwa mezani kwa mtu. Swali lao la kwanza huwa ni namna ya kuandika barua. Barua ni kazi ya jioni moja. Kinachokula siku ni nakala za vyeti ambazo hazijathibitishwa, mdhamini asiyepatikana kwa simu, na anwani iliyonakiliwa kimakosa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kabla ya tangazo lenyewe.

Hatua ya 1: Kuwa na bahasha iliyo tayari

Andaa mapema kila kitu kisichobadilika kutoka tangazo moja hadi jingine: wasifu wa kurasa mbili, nakala za vyeti vya shule na vya taaluma, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, na orodha ya wadhamini watatu yenye vyeo, anwani na namba zao za simu. Weka seti mbili kamili. Moja ikienda kwa mwajiri, nyingine inakungoja, nawe unatengeneza ya kuziba pengo kwa nafasi yako.

Waajiri wengi hutaka nakala zilizothibitishwa na wakili au hakimu. Jambo hili likiachwa hadi tangazo litoke, linaweza kumaliza siku mbili nzima, kwa sababu anayegonga muhuri naye ana safari na kesi zake. Thibitisha nakala kadhaa kwa mpigo mmoja. Vyeti vya nje ya nchi vinahitaji kutambuliwa na mamlaka ya elimu, na hilo huchukua muda mrefu kiasi kwamba hakuna tangazo litakalokungoja.

Wadhamini wapigie simu sasa. Waombe ruhusa, hakikisha namba zinapatikana, na waambie ni kazi za aina gani unazoomba. Mdhamini anayepigiwa na mwajiri akauliza "Nani huyo?" amekuharibia kuliko kutokuwepo kabisa.

Kama una simu yenye kamera, piga picha karatasi hizo mchana kwenye mwanga mzuri, uziunganishe ziwe faili moja la PDF, kisha ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Siku utakayopata mtandao kwa nusu saa tu, hutaanza kutafuta karatasi.

Hatua ya 2: Kujua matangazo hutoka lini

Asiyepata gazeti kila siku anapaswa kujua ni siku ipi inafaa kulitafuta. Nenda maktaba au ofisi yoyote inayohifadhi magazeti, uombe ya wiki nne zilizopita, uangalie nafasi za kazi hukaa ukurasa gani na huwa nyingi siku gani. Mara nyingi utaona mtindo. Ukishaujua, safari yako ya mjini ipange siku hiyo, au umwombe jamaa anayelipata akupigie picha kurasa hizo tu.

Redioni fanya vivyo hivyo. Matangazo yanayolipiwa husomwa kutoka kwenye karatasi, na kwa kawaida hurudiwa mara kadhaa kwa nyakati zilizopangwa, mara nyingi karibu na taarifa ya habari. Weka kalamu na daftari pale redio ilipo. Usitegemee kichwa.

Hatua ya 3: Kunasa mambo matano

Gazeti likiwa mikononi mwako kwa dakika kumi tu, lisome tangazo kuanzia chini kwenda juu. Juu kuna historia ya mwajiri na sifa zake, na hayo yanaweza kusubiri. Chini ndiko kuliko na unayoyahitaji: mwisho wa kupokea maombi, mahali na njia ya kuyatuma, na viambatanisho. Kisha panda juu uchukue jina la nafasi pamoja na namba ya kumbukumbu, halafu sifa za lazima. Hayo ni matano. La sita, kwa gazeti, ni tarehe ya gazeti lenyewe, ambayo iko pembeni juu ya ukurasa na ambayo anayekata kipande cha tangazo huiacha nyuma. Iandike mgongoni mwa kipande hicho.

Ukisikia redioni, andika kwa ufupisho na uache nafasi wazi kwa usichokisikia. Daftari linaweza kuonekana hivi:

Jmosi tar. 8, baada ya habari za saa 2 usiku
Msaidizi wa ghala, kumb. GH/04 (au 14?)
Kidato cha nne + cheti cha ugavi, uzoefu mwaka 1
Kwa Meneja Utumishi, S.L.P. ___
Mwisho: "siku 14 tangu…" ___

Mapengo hayo ni ya thamani, maana yanakuambia usikilize nini tangazo likirudiwa. Anwani ya barua pepe isikilize mara mbili, kwa kuwa b na p, m na n, d na t husikika karibu sawa redioni, na herufi moja ikikosewa barua haifiki. Tangazo lisiporudiwa, piga simu kituoni au uende mwenyewe ukaulize idara ya matangazo. Taja siku na saa uliyolisikia. Karatasi iliyosomwa mara nyingi bado ipo, na kukusomea anwani ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 4: Kuhesabu siku ya mwisho ya kweli

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Tuendelee na mfano huo wa ghala. Mwombaji alilisikia tangazo Jumamosi tarehe 8. Jumatatu tarehe 10 alilipata kwenye gazeti la siku hiyo, ambalo lilisema maombi yafike "ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo hili kutolewa kwa mara ya kwanza". Akihesabu kuanzia gazeti aliloshika, atadhani ana muda hadi tarehe 24. Lakini chini ya tangazo kuna mstari mdogo unaosema lilitoka mara ya kwanza Jumatatu tarehe 3.

Siku 14 kutoka tarehe 3 zinaisha tarehe 17 ukianza kuhesabu kesho yake, au tarehe 16 ukiihesabu na siku yenyewe ya tangazo. Mwajiri hakusema anahesabu vipi, kwa hiyo chukua iliyo fupi. Tarehe 16 ni Jumapili, na ofisi nyingi hazipokei barua Jumamosi wala Jumapili. Siku ya mwisho ya kweli ni Ijumaa tarehe 14, kabla ofisi haijafungwa. Aliyedhani ana wiki mbili ana siku nne za kazi baada ya Jumatatu hiyo.

Tazama pia neno lililotumika. "Yafike" maana yake yawe mezani kwao siku hiyo. Muhuri wa posta hautakuokoa isipokuwa tangazo limesema wazi kwamba tarehe ya kutumwa ndiyo itakayoangaliwa.

Hatua ya 5: Kuamua kama unaomba

Muda ukiwa mfupi, uamuzi huu ufanyike kabla ya kuandika chochote. Tenganisha "lazima awe na" na "itakuwa sifa ya ziada". Ukikosa leseni au cheti kilichowekwa kuwa lazima, liache tangazo hilo na nguvu zako uzipeleke kwingine. Ukipungukiwa miezi michache ya uzoefu, mimi huwashauri watu waombe, na waandike uzoefu walio nao bila kuuongeza.

Liache pia tangazo linalokutaka utume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, iwe ni ya fomu, ya usaili au ya sare. Likiwa na namba ya simu tu, bila jina kamili la mwajiri wala mahali alipo, tafuta kwanza namba ya ofisi hiyo kwa njia nyingine, uulize kama kweli wanaajiri.

Hatua ya 6: Kuandika barua na kuchagua njia

Barua yako ya akiba iwe na nafasi wazi za tarehe, anwani, kichwa cha habari na aya moja ya katikati. Kichwa kiandike kama tangazo lilivyoandika, pamoja na namba: "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MSAIDIZI WA GHALA, KUMB. GH/04". Anayepanga bahasha hupanga kwa namba hiyo. Sentensi ya kwanza itaje ulikoliona tangazo na tarehe yake. Aya ya katikati ndiyo pekee unayoiandika upya, na inajibu sifa za lazima moja baada ya nyingine: "Nina cheti cha ugavi, na kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikipokea mizigo na kujaza leja ya ghala." Hiyo inatosha kuliko aya tatu za kueleza bidii yako.

Njia ichaguliwe kwa siku zilizobaki. Kwa mwombaji wetu mwenye siku nne, posta ni hatari kama barua inapita miji miwili. Kama tangazo linaruhusu barua pepe, atume faili moja, na sehemu ya mada aandike nafasi na kumbukumbu. Asingoje saa za mwisho, maana mtandao dhaifu hukwamisha faili kubwa, na barua iliyobaki kwenye kasha la zinazosubiri kutumwa haijatoka. Aangalie kwenye kasha la zilizotumwa ndipo aridhike. Kama inatakiwa karatasi, mtu anayesafiri aipeleke kwa mkono, abebe na nakala ya barua, na aombe nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Aende na jina la idara, asiiache kwa mlinzi getini.

Ukikuta siku imeshapita, piga simu na uulize kama muda umeongezwa. Hutokea, hasa nafasi zisipopata waombaji wa kutosha. Wakisema hapana, iandike nafasi hiyo daftarini pamoja na mwezi iliyotangazwa, kwa sababu kuna waajiri wanaotangaza nafasi zilezile tena na tena.

Hatua ya 7: Kuendelea kusikiliza

Wito wa usaili nao unaweza kutangazwa gazetini au redioni, kwa orodha ya majina, ukiwa na siku chache tu. Kwenye barua weka namba mbili za simu, yako na ya mtu anayepatikana wewe usipopatikana, na mtu huyo umweleze jina la mwajiri na nafasi uliyoomba. Daftarini, pembeni mwa kila ombi, andika gazeti au kituo kilichotangaza na siku ulipopeleka. Huko ndiko utakakoanza kuutafuta wito huo.