Skrinshoti za presha: kupata wastani wa asubuhi na wa jioni, na kujua kipimo gani kifike kwa daktari

Kwenye kliniki yetu ya presha, watoto wa wagonjwa hututumia kwa mkupuo skrinshoti kumi na tano za orodha ya vipimo iliyo kwenye simu, na chini yake swali moja: "Dada, hii ikoje?" Kwa kuzipitisha macho tu, hata mimi siwezi kujibu. Inabidi namba ziingie kwenye jedwali na zitenganishwe kwa muda wa siku. Wastani mmoja wa vyote hauonyeshi kinachotokea kabla ya kidonge na baada yake.

Utaratibu wa kupima nyumbani ni huu: siku 7, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, ukiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Mgonjwa akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Cha asubuhi kichukuliwe kabla ya dawa na kabla ya chai.

Hatua ya 1: Kagua picha kabla ya kuandika chochote

Kazi nyingi huharibikia hapa. Ile saa iliyo juu kabisa ya skrini ya simu ni saa ya kupiga skrinshoti, si saa ya kupima. Unayoitaka iko kwenye mstari wenyewe wa kipimo. Ikiwa mnapiga picha mashine yenyewe, angalia kama tarehe imerudi 1/1. Ni dalili kwamba betri zilibadilishwa na saa haikuwekwa upya, kwa hiyo muulize mwenyewe alipima lini.

Ukishusha orodha na kupiga picha ya pili, mistari ya chini ya picha ya kwanza hujirudia juu ya ya pili. Iandike mara moja tu. Mstari wenye neno `AVG` uruke, kwa sababu huo ni wastani uliopigwa na mashine. Halafu kuna mashine zenye watumiaji wawili: hakikisha vipimo vya baba havijajipenyeza kwenye vya mama.

Hatua ya 2: Andika kwenye jedwali

Fungua Google Sheets na uweke safu hizi kuanzia A hadi G: Tarehe, Saa, Kipindi, Juu, Chini, Mapigo, Maelezo. Kila kipimo kiwe na mstari wake.

Saa iandike kwa mtindo wa saa 24. Mama akisema "nilipima saa moja na dakika kumi asubuhi", andika 07:10. Ukiandika 1:10, jedwali litadhani ni usiku wa manane na kipimo kitatoka kabisa kwenye hesabu ya asubuhi, tena bila kukuonya. Nikiona kundi la asubuhi lina vipimo vichache kuliko la jioni, hapo ndipo ninapoanzia kutafuta.

Kwenye C2 weka fomula hii, kisha iburute hadi chini:

```
=IF(AND(B2>=TIME(4,0,0),B2<TIME(11,0,0)),"ASUBUHI",
 IF(AND(B2>=TIME(17,0,0),B2<TIME(23,0,0)),"JIONI","NYINGINE"))
```

Mipaka hiyo ni yangu. Anayefanya kazi ya ulinzi usiku abadilishe ifuate muda wake wa kuamka na wa kulala.

Hatua ya 3: Piga wastani

Siku ya kwanza huachwa nje, kwa kuwa wengi huwa na wasiwasi na mashine bado ngeni. Fomula hii inaiacha yenyewe; iweke nje ya safu A hadi G:

```
=AVERAGEIFS(D:D,C:C,"ASUBUHI",A:A,">"&MIN(A:A))
```

Kwa namba ya chini badilisha `D:D` iwe `E:E`. Kwa jioni badilisha neno. Ikileta `#DIV/0!`, mara nyingi tarehe zimeingia kama maandishi, ziandike upya.

Tuchukue mfano wa mama anayemeza kidonge kimoja kila asubuhi. Baada ya kuondoa siku ya kwanza, amebaki na vipimo 12 vya asubuhi na 12 vya jioni:

| Kipindi | Juu | Chini |
|---|---|---|
| Asubuhi | 145 | 89 |
| Jioni | 131 | 81 |
| Vyote pamoja | 138 | 85 |

Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea huhesabiwa kuwa juu. Ukitazama mstari wa mwisho peke yake, utasema kapita kidogo tu. Jedwali likitenganishwa, jioni yuko sawa na asubuhi yuko juu waziwazi. Huenda dawa inaisha nguvu kabla ya kidonge kinachofuata, huenda kuna sababu nyingine, na hilo ni la daktari kuamua. Msihamishe muda wa kumeza wala kuongeza kidonge kwa sababu ya jedwali hili.

Hatua ya 4: Vipimo vinavyojitenga

Jioni moja kuna hivi viwili: 171/98 cha 18:52, na 129/82 cha 18:54. Kwenye Maelezo ameandika "nimetoka kuteka maji". Hakukaa zile dakika 5, ndiyo maana. Ukikitoa kile cha kwanza, namba ya juu ya jioni inashuka kutoka 131 hadi 127. Mimi hukiacha kwenye jedwali na kumtajia daktari namba zote mbili pamoja na sababu. Kipimo kisifutwe kwa kuwa kinatisha.

Sasa soma kundi la NYINGINE mstari kwa mstari, maana haliingii kwenye wastani. Kwa mama huyu lina kipimo kimoja: 14:05, 94/58, "kizunguzungu nilipoinuka". Kwangu hicho kina uzito kuliko ile 171. Mtu anayepanda asubuhi na kushuka mchana hadi kuyumba, daktari lazima ajue yote mawili kabla ya kugusa dozi.

Hatua ya 5: Kipi kisingoje siku 7

Ikifika 180 juu au 120 chini, na mtu ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea, haoni vizuri au anaongea kwa shida, nendeni hospitali wakati huohuo. Kama hana dalili yoyote, akae dakika 5 apime tena. Ikibaki hapohapo, daktari apigiwe simu siku hiyohiyo.

Mjamzito ana mipaka yake: 140/90 apige simu kliniki siku hiyo, 160/110 aende hospitali mara moja, hata kama anajisikia mzima.

Ripoti pia presha iliyo chini ya 90/60 yenye kizunguzungu au kuzimia, mapigo yanayozidi 100 mara kwa mara akiwa ametulia, na alama ya mapigo yasiyo na mpangilio inayojirudia kwenye mashine.

Hatua ya 6: Ujumbe wenyewe

Tuma maandishi mafupi, na skrinshoti za mistari uliyoitaja tu:

"Shikamoo daktari. Mama, miaka 61, anameza kidonge saa 2 asubuhi. Siku 7, ya kwanza imeondolewa. Asubuhi kabla ya dawa 145/89 (vipimo 12). Jioni 131/81 (vipimo 12), ikiwemo 171/98 baada ya kuteka maji. Dakika mbili baadaye 129/82. Mchana mara moja 94/58 na kizunguzungu aliposimama. Hakuna kilichofika 180/120. Tuje lini?"

Siku ya kwenda, bebeni mashine na mkanda wake, ili muuguzi aulinganishe mkanda na unene wa mkono. Ukiwa mdogo kuliko mkono, hupandisha namba zote, na wastani wote huu utabidi upimwe upya.