Mgeni Akianguka Nyumbani Kwako Marekani, Bima Italipa Mpaka Wapi?

"Huyu ni ndugu yangu, hawezi kunishtaki." Ndivyo tunavyosema, na huenda ni kweli kwamba ndugu hataki kesi. Ila Marekani akivunjika mguu kwenye ngazi zako, kampuni ya bima yake ya afya humtumia barua ya kuuliza ameumia wapi na vipi. Ikishajua ni kwako, inaweza kudai irudishiwe ilichomlipia. Kwa hiyo dai linaweza kuja hata kama ninyi wawili mmeshayamaliza kwa chai.

Chukua ule ukurasa wa mbele wa bima ya nyumba, wenye jina lako, anwani na viwango. Tafuta herufi E na F. F ni matibabu ya mgeni: hulipwa bila kuuliza kosa ni la nani, kwa gharama za ndani ya miaka 3 tangu ajali. Lakini ni kidogo, kwa kawaida kati ya dola 1,000 na 5,000 kwa kila mtu. E ndiyo dhima yako, yaani fidia unayodaiwa pale ambapo kosa ni lako kisheria, kwa mfano ulijua kibao kimeoza na hukukirekebisha. Bima nyingi huanzia dola 100,000 na wengine huchukua 300,000 au 500,000.

Kinachowakwaza watu ni kwamba kiwango cha E huhesabiwa kwa tukio, si kwa mtu. Tuseme uko Columbus, Ohio, unafanya sherehe ya binti yako kumaliza shule. Watu wamejaa kwenye baraza la mbao nyuma ya nyumba, ubao unaolishikilia ukutani unang'oka kwa sababu fundi aliupigilia misumari tu badala ya bolti, na wageni watatu wanaumia. Madai yao yanafika dola 220,000, 90,000 na 40,000, jumla 350,000. Bima yako ya 300,000 ni chungu kimoja kwa wote watatu. Zile 50,000 zinazobaki ni deni lako, na mdai aliyeshinda kesi anaweza kuzifuata kwenye akiba na, katika majimbo mengi, hata kwenye mshahara. Ungekuwa na E ya 100,000, ungebaki na deni la 250,000.

Wakili wa kukutetea hulipwa na kampuni, na katika bima ya kawaida ya nyumba ada yake haikatwi kwenye kiwango hicho. Ila kampuni ikishalipa kiwango chote kwa hukumu au makubaliano, wajibu wake wa kukutetea unakwisha. Ukipokea barua inayosema dai huenda likazidi kiwango chako, usiiweke kabatini. Tafuta wakili wako mwenyewe aiandikie kampuni ikubali kumaliza madai ndani ya kiwango wakati nafasi hiyo ipo. Ikikataa bila sababu ya msingi, katika majimbo mengi inaweza kubebeshwa ile ziada.

Sasa suala la mama. Amekuja kutoka Tanga kwa miezi sita kukusaidia na mtoto, ana chumba chake, barua zake zinakuja kwako. Bima humhesabu ndugu anayeishi nyumbani kwako kuwa mmoja wa waliokatiwa bima, na aliyekatiwa bima halipwi kwa E wala kwa F. Binamu wa wiki mbili ni mgeni bila ubishi. Mama wa miezi sita ataulizwa maswali mengi, na mkaguzi wa madai anaweza kumkatalia. Yeye mkatie bima ya matibabu ya wasafiri kabla hajapanda ndege, na soma kama inagusa maradhi aliyokuja nayo. Vivyo hivyo ukilea watoto wa watu nyumbani kwa malipo: bima ya kawaida huwa haigusi biashara, kwa hiyo mwulize wakala kabla ya kuanza.

Kupandisha E kutoka 100,000 hadi 300,000 mara nyingi hugharimu makumi ya dola kwa mwaka. Naona ni hapo pa kuanzia, kabla ya kufikiria bima mwavuli ya dola milioni 1, inayoanza kulipa pale E inapoishia. Mwavuli wenyewe kwa kawaida hudai E iwe angalau 300,000. Ukiishusha baadaye ili kubana matumizi, pengo linalobaki katikati unalijaza wewe.

Ajali ikitokea, mpe mgeni pole, mpeleke hospitali, piga picha za mahali penyewe kabla fundi hajagusa kitu, na ipigie kampuni simu siku hiyohiyo. Usimwahidi kwamba utalipa kila kitu: ukiondoa huduma ya kwanza, unacholipa au kuahidi kwa hiari yako kampuni haikurudishii.